Kichwa kimebadilika: jinsi ya kumwandikia daktari kabla ya siku ya miadi

"Habari daktari, kichwa kinanisumbua sana siku hizi, hata sijui ni nini. Naomba unisaidie." Ujumbe wa namna hii huingia kwenye simu ya kliniki yetu karibu kila siku. Mimi ni muuguzi, kliniki iko Eastlands, Nairobi, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kusoma jumbe za wagonjwa wenye miadi na kuzinakili kwenye faili kabla daktari hajaingia. Ujumbe huu una adabu zote. Shida yake ni kwamba hauna kitu cha kunakili.

Huo hasa ulitoka kwa mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba. Aliutuma Jumatatu na miadi yake ilikuwa Alhamisi. Katika faili nikaona ameandikiwa maumivu ya kichwa miaka mingi iliyopita, nikampigia kumuuliza kama haya ni yale yale. Akacheka kidogo, akasema, "Aa, sista, haya si yale. Yale nayajua." Basi hiyo ndiyo ingekuwa sentensi yake ya kwanza, na haikuwa ndani ya ujumbe. Tuliuandika upya pamoja kwa simu, na mwongozo huu unafuata njia tuliyopita. Mambo machache nimeyageuza asitambulike.

Kabla ya kuandika chochote

Kuna vichwa visivyoandikiwa ujumbe. Kikikupiga ghafla kama radi na kufika kilele ndani ya dakika moja hivi, hicho ni cha kasualti. Vilevile kichwa kinachokuja na joto kali mwilini na shingo iliyokaza. Au na uso uliopinda, mkono uliolegea, ulimi mzito, kuchanganyikiwa, kuzirai, degedege, au jicho lililoacha kuona. Na ukianguka kwenye bodaboda, hata kama ulinyanyuka ukaenda kazini, halafu kichwa kikazidi siku baada ya siku, usingoje miadi. Nenda hospitali yenye kasualti iliyo karibu, mtu akupeleke, au piga 999 au 112. Nimewahi kukuta ujumbe wa aina hiyo saa mbili asubuhi uliotumwa saa tano usiku uliopita. Simu yetu usiku huwa imefungiwa ndani ya droo.

Mjamzito aliyepita wiki 20, au aliyejifungua ndani ya wiki 6, akipata kichwa kikali aende siku hiyo hiyo apimwe presha na mkojo, hasa kama macho yana ukungu au anaumwa chini ya mbavu. Aliyerudi majuzi kutoka Kisumu, Busia au Pwani na mwili una joto apimwe malaria siku hiyo pia. Mbu wa Nairobi si wa kulaumiwa sana, safari ndiyo ya kuulizwa. Na kama una zaidi ya miaka 50 na hujawahi kuwa mtu wa kuumwa kichwa, au una saratani, au kinga yako ya mwili iko chini, andika ujumbe lakini piga na simu uombe nafasi ya karibu zaidi.

Mama wa Gikomba hakuwa na lolote kati ya haya. Tukaendelea.

Hesabu siku, usipime uchungu

Nilimuuliza kichwa kinamuuma mara ngapi. "Mara kwa mara." Nikamsukuma kidogo, akasema siku tatu nne kwa wiki. Jibu hilo nalisikia sana na mara nyingi ni pungufu. Mtu hukumbuka siku zilizomwangusha na kusahau zile ambazo kichwa kilikuwa kizito tu akaendelea na kazi. Kwa hiyo nikageuza swali: lini mara ya mwisho uliamka kichwa kikiwa chepesi, kikabaki chepesi mpaka ukalala? Alinyamaza nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Labda ile Jumapili ya harusi."

Jiulize swali hilo hilo, kisha chukua kalenda ya ukutani au karatasi yenye miraba 28. Wiki nne zinatosha: zinaonyesha tofauti ya wikendi na siku za kazi, na kwa mwanamke mwenye hedhi ya kawaida zinabeba mzunguko karibu mzima. Katika kila mraba weka namba moja. Sufuri ni siku safi. Moja ni kichwa kipo lakini kazi inaendelea. Mbili ni kazi imepungua. Tatu ni umelala chini. Pembeni weka D kila siku uliyomeza dawa ya maumivu, hata kidonge kimoja, na H siku za hedhi.

Napendelea hivi kuliko kipimo cha moja hadi kumi. Mtu anayeandika "tisa" na mwingine anayeandika "sita" wanaweza kuwa na uchungu ule ule. Lakini "nilifunga kibanda saa sita mchana nikarudi nyumbani" ni jambo ambalo daktari hahitaji kulitafsiri.

Ukiwa na wiki nne mbele yako, jaza siku kwa siku. Kama miadi iko karibu, rudi nyuma kwa kumbukumbu, na hapa simu yako inajua zaidi yako. Fungua jumbe za M-Pesa utafute jina la kemisti yako. Kila malipo yana tarehe. Mama huyu alikuwa akinunua Panadol Extra mbili mbili njiani, na hakuwahi kujiona kama mtu anayekunywa dawa nyingi. Jumbe zilionyesha malipo 4 mwezi wa Machi, 9 Aprili, 15 Mei na 18 Juni. Zile alizolipa taslimu hazimo. Tulipojaza miraba 28, tukapata siku 25 zenye kichwa, siku 3 safi, na siku 20 zenye D.

Pale usipokumbuka, andika "nakadiria". Mraba mtupu ni bora kuliko mraba wa kubuni.

Dawa ziandikwe bila aibu

Hesabu ya D ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Dawa ya maumivu ikimezwa siku nyingi mno, yenyewe hugeuka kuwa sababu ya kichwa: inapoisha mwilini, maumivu yanarudi, unameza tena, na mzunguko unakaza. Kwa dawa ya aina moja, kama paracetamol peke yake au ibuprofen, madaktari huanza kushuku hili zikifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini, mpaka ni siku 10 tu. Angalia kwamba kinachohesabiwa ni siku. Aliyemeza vidonge sita siku moja kwa ajili ya jino hayuko hapa. Aliyemeza viwili viwili siku 20 yuko.

Kwa hiyo geuza pakiti usome nyuma. Panadol Extra ina paracetamol miligramu 500 na kafeini miligramu 65 kwa kidonge, kwa hiyo ni ya kundi la zilizochanganywa, ingawa watu wengi huiita Panadol tu. Kama ulipewa vidonge ndani ya bahasha ya kaki bila jina, rudi ukamwombe mwenye kemisti akuandikie jina juu yake. "Vile vyeupe vya mviringo" haisaidii mtu.

Ongeza dawa nyingine zote: za presha, za kisukari, za kienyeji, na njia ya kupanga uzazi. Hii ya mwisho wanawake wengi huiacha kwa kuwa hawaoni inahusiana vipi na kichwa. Inahusiana. Mwanamke mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga wa kumetameta machoni kwa kawaida hashauriwi kutumia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana huongeza hatari ya kiharusi. Andika kama ni vidonge, sindano, kipandikizi au koili, na tangu lini.

Usiache dawa ghafla kwa kusoma maneno haya, hasa yenye kodeini au uliyoandikiwa na daktari. Hesabu, andika, ungoje siku ya miadi.

Zamani, na sasa

Daktari anayesoma "kichwa kipya" anatafuta tofauti. Andika aya mbili fupi, moja ya zamani na moja ya sasa, kwa mpangilio ule ule ili zisomwe kama mizani: kinaanza saa ngapi, kiko wapi, kinahisi vipi, kinakaa muda gani, kinakuja na nini, kinatulizwa na nini. Kama hukuwahi kuumwa kichwa, aya ya zamani ni sentensi moja tu, na hiyo sentensi ni habari kubwa.

Katika aya ya sasa, simulia siku moja ya kawaida kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sema pia kinachofanya kichwa kibadilike: kulala chali, kuinama, kukohoa, kupanda ngazi. Kichwa kinachozidi ukilala au ukikohoa, na kinachokuja na kutapika asubuhi, humfanya daktari atake kuangalia ndani ya jicho kwa tochi yake maalumu, kuona kama kuna shinikizo ndani ya fuvu.

Kinachoanza alfajiri kina swali lake la Nairobi. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi inapokaza, watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni kichwa. Kama wengine nyumbani wanaamka na vichwa pia, na vikipoa mkitoka nje, hiyo si habari ya kungoja miadi: zimeni jiko, fungueni madirisha, tokeni, mwende hospitali.

Maneno yanayompoteza daktari

Kiswahili chetu kina maneno machache ambayo kila mtu anayaelewa, ila kila mtu kwa namna yake.

Homa ni mojawapo. Jirani yako akisema ana homa, pengine ana mafua tu, pua zinatiririka. Daktari akisoma homa pamoja na kichwa, anafikiria homa ya uti wa mgongo. Andika "mwili una joto, kipimajoto kilisoma 38.4", au "mafua bila joto".

Kizunguzungu kina watu watatu ndani yake. Kuna ambaye nyumba inazunguka kama pia. Kuna anayetaka kuzirai akisimama. Kuna anayeyumba akitembea ingawa kichwani pametulia. Chagua wako.

"Naona giza" ndilo ninaloliogopa zaidi, maana linaweza kuwa dogo au kubwa mno. Je, ni ukungu? Ni mistari ya kumetameta inayotambaa kwa dakika 20 kisha inaondoka, halafu kichwa kinafuata? Au ni pazia jeusi linalofunga kwa sekunde chache kila unapoinama kuokota kitu? Jaribu kuziba jicho moja, kisha jingine, uone kama tatizo liko kwenye jicho moja au yote mawili. Pazia hilo la sekunde chache, likijirudia, ni la kupiga simu siku hiyo.

Ganzi si udhaifu. Mkono wenye ganzi unaweza kushika kikombe bila kukihisi vizuri. Mkono dhaifu unakiangusha. Na "presha" andika kwa namba zote mbili pamoja na tarehe, kwa mfano 138/86, badala ya "presha ilipanda". Presha iliyopanda kidogo kwa kawaida haiumizi kichwa, ingawa mtaani ndiyo inayosingiziwa kwanza.

Kuhusu kipandauso: usiandike jina la ugonjwa ila kama daktari alikupa, na useme ni lini. Kwa maumivu yenyewe tumia maneno uliyokua nayo. Kinadunda, kinabana kama kilemba, kinachoma, kinadunga kama sindano: haya ni maelezo mazuri kuliko "kali sana". Na mahali pawe pa kuguswa: utosi, kisogo, paji la uso, nyuma ya jicho la kulia.

Halafu saa. Mama huyu alinieleza kichwa "kinaniamsha saa kumi na moja". Daktari wetu alisoma na kufanya kazi kwa saa za Kizungu. Angeona kumi na moja akafikiria karibu na chakula cha mchana. Andika "saa kumi na moja alfajiri". Neno moja la ziada, na uchunguzi wote unabadilika.

Usiyo nayo pia yaandikwe

Mstari mmoja wa "sina" unampunguzia daktari maswali kumi. Taja zile ishara za hatari za mwanzoni ambazo umejichunguza ukaona huna, ujauzito na tarehe ya hedhi ya mwisho, ajali, safari. Acha yale ambayo hukujichunguza.

Hali ya VVU ni muhimu, kwa kuwa kinga ikishuka kuna maambukizi ya ubongo yanayoanza kama kichwa cha polepole tu. Lakini simu ya kliniki husomwa na zaidi ya mtu mmoja, na pengine yako pia. Inatosha kuandika: "Kuna jambo moja la kiafya nitakueleza ana kwa ana." Tukiona mstari huo tunajua mgonjwa aingie peke yake.

Ujumbe wenyewe

Huu ndio tulioufikia. Uliandikwa, haukurekodiwa kwa sauti. Sauti ya dakika nne hainakiliki, na nikiifungua mapokezi foleni nzima inasikia.

"Habari za asubuhi daktari. Mimi ni (jina kamili), miaka 36, nina miadi nawe Alhamisi saa nne asubuhi. Naandika kuhusu kichwa kilichobadilika tangu mwezi wa Machi.

Zamani: tangu kidato cha pili, mara 1 au 2 kwa mwezi, siku mbili kabla ya hedhi. Upande mmoja, kinadunda, natapika, sitaki mwanga. Kinaisha nikilala.

Sasa: karibu kila siku. Kinaniamsha saa kumi na moja alfajiri. Kichwa chote kinabana kama kilemba, zaidi kisogoni. Sitapiki. Nikimeza dawa kinapoa kwa saa nne hivi, kisha kinarudi mchana. Kulala, kuinama au kukohoa hakukizidishi. Kile cha zamani bado huja kabla ya hedhi.

Siku 28 zilizopita: siku 25 zenye kichwa, 3 safi. Siku 2 nilifunga kibanda nikarudi nyumbani.

Dawa: Panadol Extra, vidonge 2 au 4 kwa siku, siku 20 kati ya 28. Nilianza Machi baada ya kung'olewa jino, zikaongezeka kila mwezi. Sindano ya uzazi, miaka 3. Hakuna dawa nyingine. Chai ya rangi vikombe 4 kwa siku.

Sina: joto mwilini, udhaifu, ganzi, kuona giza, ajali, safari. Sidhani nina mimba. Presha kwa kemisti Jumamosi: 138/86. Tunapika kwa gesi, na hakuna mwingine nyumbani anayeumwa kichwa.

Ninachotaka kujua: je, dawa ninazomeza ndizo zinazoleta hiki cha kila siku? Nimeambatisha picha ya kalenda na ya pakiti."

Swali lile la mwisho ni lake mwenyewe. Alipoona D 20 zimejipanga hakuhitaji kuambiwa na mtu. Weka swali moja, ukipenda mawili. Ukiweka saba, daktari atajibu lile rahisi.

Baada ya kutuma

Ujumbe si miadi, na kimya chetu hakimaanishi uko salama. Kichwa kikibadilika tena kabla ya siku kufika, rudi kwenye zile ishara za mwanzo. Asubuhi ya miadi beba pakiti zote kwenye mfuko, hata zilizokwisha, na kalenda yenyewe.

Alhamisi daktari alikuwa amesoma faili kabla mama hajaketi. Alipima presha, akaangalia ndani ya macho, akajaribu nguvu za mikono na miguu, akauliza jambo moja ambalo ujumbe wetu haukuwa nalo: kama anakoroma usiku na kuamka amechoka. Mkoromo mzito unaokatiza pumzi nao huamsha watu na kichwa. Nimeuongeza kwenye orodha yangu tangu siku hiyo. Anayelala nawe ndiye wa kuulizwa. Hakuamriwa skani. Aliambiwa aache Panadol Extra kabisa, kwamba siku kama kumi za mwanzo zingekuwa mbaya kuliko alivyokuja, na akapewa mpango wa kuzivuka. Nafuu, akaambiwa, huhesabiwa kwa wiki.

Wiki ya tatu alituma ujumbe bila kuombwa, mistari mitatu: "Habari sista. Siku 21 tangu niache: 12 zenye kichwa, 9 safi, D hakuna. Wiki ya kwanza nilifunga kibanda mara tatu, sasa sifungi. Kile cha hedhi kilikuja jana, ni kile kile cha zamani." Nikaunakili kama ulivyo.